Neno la Mwisho Libaki la Mwisho: Kumtania Bwana Harusi Ukumbini

Swali: "Kaka, rafiki yangu anaoa mwezi ujao hapa Moshi na kamati imenipa dakika tano za kumchana ukumbini. Nikiandika, nusu ya mistari inatoka kama matusi, na nusu nyingine watu wanajua ninakoelekea kabla sijafika. Utani wa namna hii unajengwaje hasa?"

Mdogo wangu, umeniletea matatizo mawili, na kila moja lina mahali pake. Mstari unaotoka kama tusi umeharibika mwanzoni, pale ulipochagua cha kusema. Mstari unaojulikana mapema umeharibika mwishoni, mara nyingi kwa neno moja tu, na kwa Kiswahili wakati mwingine kwa silabi moja. Katikati yake kuna chumvi, ambayo nayo ina kipimo chake. Nitajenga utani mmoja mbele yako, kuanzia habari mbichi mpaka kwenye maiki, kisha nitakuonyesha mwingine mfupi unaotegemea kitu ambacho lugha yetu inatupa bure na watu wengi hawakitumii.

Kwanza, namna ya kukusanya habari. Mimi nashika maiki kwenye harusi za Moshi na Arusha, na kila nikiitwa naomba nikae na watu watatu wanaomjua bwana harusi: mmoja wa nyumbani, mmoja wa kazini, mmoja wa kijiweni. Siwaulizi yukoje. Ukimuuliza mtu rafiki yake yukoje atakwambia "mchapakazi, mcheshi, ila anachelewa." Maneno hayo hayana picha, na kisicho na picha hakichekeshi. Nauliza hivi: "Ni siku gani alikuudhi mpaka ukaishia kucheka?" Hapo mtu anakupa siku, mahali na maneno yaliyosemwa.

Kwa bwana harusi mmoja nilipewa habari hii. Rafiki zake walikuwa stendi, wanamsubiri waende naye Arusha. Wakampigia simu. Akajibu, "Nipo hapa mnara wa saa, dakika mbili." Mnara wa saa wa Moshi unaujua, kutoka pale mpaka stendi ni hatua chache. Lakini nyuma ya sauti yake wakasikia jogoo anawika, na baada ya jogoo wakasikia mama yake anamwita akanywe uji.

Habari hiyo ni dhahabu, na nataka uone kwa nini. Kuchelewa ni tabia ambayo mwenyewe anaijua, anaisimulia, na akitaka anaweza kuiacha kesho. Watu wengi ukumbini wamewahi kumsubiri, kwa hiyo hawahitaji kuelezwa. Tena habari ina mahali panapojulikana, ina sentensi yake mwenyewe, na ina sauti ya jogoo. Usiondoke kwa watu wako watatu kabla hujapata angalau kitu kimoja cha kusikika au kushikika kama jogoo huyo.

Sasa linganisha na kosa nililolifanya miaka ya mwanzo, kwenye send-ofu moja Arusha. Kaka wa binti aliwahi kufungua duka la vifaa vya ujenzi, likafa baada ya miezi michache. Nikatengeneza mstari mzuri sana juu ya duka hilo, na kwa ufundi haukuwa na kasoro. Meza ya vijana ilicheka. Meza nyingine zote zilinyamaza, na yule kaka kabla ya kucheka alimtazama kwanza mjomba wake. Baadaye niliambiwa mtaji ulikuwa wa mjomba. Tangu siku hiyo ninaangalia macho ya ninayemtania: akicheka moja kwa moja, niko salama, akimtazama mtu mwingine kwanza, nimegusa kidonda na lazima niondoke hapo haraka. Na kicheko kikitoka upande mmoja tu wa ukumbi, upande mwingine unajua kitu ambacho wewe hukijui.

Kwa hiyo tusi unaliondoa wakati wa kuchagua, wala usitegemee kulilainisha kwa kusema "natania tu" mwishoni. Chukua tabia, acha hali. Kuchelewa, kupenda kulala, kujifanya fundi wa kila kitu, kuimba bila sauti, hizo ni tabia. Kukosa pesa, ugonjwa, umbo la mwili, kuchelewa kupata mtoto, mchumba wa zamani, hizo ni hali au ni majeraha, na ukumbi wa harusi una wakwe ndani yake. Wewe kwa bibi harusi ni shemeji, na shemeji ana ruhusa ya utani tangu enzi za mababu. Kwa wakwe ruhusa hiyo haipo. Utani wote uelekee kwa bwana harusi, na kama mtu mwingine ataguswa, aguswe kwa kushinda.

Tuanze kujenga. Watu wengi wangeandika hivi: "Bwana harusi ni mchelewaji sana, hajali muda wa watu, hata leo nilidhani hatafika." Sentensi ya kwanza inamhukumu, ya pili inamlaumu, ya tatu ni jambo ambalo kila mtu alikwisha kuliwaza. Hakuna kosa la Kiswahili hapo, ila hakuna kilichojengwa. Umesema jina la tabia, na ukishalisema jina la tabia umewapa watu jibu kabla ya kitendawili. Kanuni yangu ni kwamba neno "mchelewaji" lisisikike hata mara moja katika utani wa mchelewaji. Wasikilizaji walifikie wenyewe.

Msingi wangu ulikuwa sentensi moja: "Bwana harusi nimemjua miaka kumi, na kila nikimpigia simu yuko mnara wa saa."

Itazame vizuri. Inasikika kama taarifa ya kawaida. Waliowahi kumsubiri wanaanza kutabasamu, kwa sababu wanaijua ile sentensi yake. Wasiomjua, labda ndugu wa bibi harusi waliotoka mbali, hawajapotea, kwani wanajua kwamba mtu hawezi kuwa mahali pamoja kila siku, na wanasubiri maelezo. Kazi ya msingi ni hiyo tu, kuwapa watu wote swali moja. Ukiongeza alikosoma, kazi yake, au mlivyokutana, unawapa maswali manne na hawajui ni lipi walishike. Nilipoandika mara ya kwanza nilikuwa na stendi, safari ya Arusha na mama yake mwenye uji. Vyote vilikuwa kweli, na vyote niliviondoa, kwa sababu mwisho wangu haukuvihitaji. Nilibakiza mnara na jogoo.

Baada ya msingi inakuja chumvi. Hivi ndivyo ilivyokwenda: "Nikimpigia saa mbili asubuhi, yuko mnara wa saa. Nikimpigia saa nane mchana, yuko mnara wa saa. Mlima wenyewe siku nyingine hauonekani. Yeye yuko mnara wa saa."

Chumvi nzuri inakwenda upande mmoja, ngazi kwa ngazi. Ngazi ya kwanza inawezekana kabisa. Ya pili inatia shaka. Ya tatu inavuka, kwa sababu sasa tunamlinganisha na Kilimanjaro, lakini bado ina mguu mmoja ardhini: kila mtu wa Moshi ameamka siku ambayo mlima umefunikwa na mawingu. Ukweli huo mdogo ndio unaoibeba chumvi. Ningesema "yuko mnara wa saa tangu enzi za Wajerumani," ningeongeza ukubwa lakini ningepoteza picha, kwa kuwa hakuna aliyemwona huko. Chumvi iliyozidi utaitambua kwa namna watu wanavyosema "eeh!" badala ya kucheka. Wanakubali kwamba umetia chumvi nyingi, basi. Na ikiwa mwanzo wote umepiga kelele, hakutakuwa na kipimo cha kuonea kwamba ngazi ya tatu ni ya juu. Ndiyo maana ngazi ya kwanza naisema kwa sauti ya chini, kama naripoti.

Kumbuka pia kwamba nilitia chumvi kwenye matokeo ya tabia na siyo kwenye mtu. Sikusema yeye ni mwongo wa ajabu. Nilimweka tu pale mnarani, saa zote, mvua na jua. Watu walimwona amesimama pale, na anayeonekana hivyo anapendeka hata akiwa na kosa.

Kisha jogoo: "Siku moja nikasikia jogoo nyuma yake. Nikamuuliza, jogoo wa wapi huyo? Akasema: 'Saa imegonga.'"

Jogoo alikuwa wa kweli, jibu nilitunga mimi, na nilimwomba bwana harusi ruhusa ya kumwekea maneno hayo mdomoni. Huu ni mgeuko wa kwanza, na una sifa mbili ambazo utazitafuta katika kila mgeuko. Ya kwanza, haukutarajiwa. Watu walitegemea abanwe, akiri, au akate simu. Ya pili, ukiusikia unaona ni sahihi kabisa: mtu huyu, kwa tabia hii, hilo ndilo angejibu. Mwisho ukiwa na sifa ya kwanza bila ya pili, watu wanashangaa bila kucheka. Ukiwa na ya pili bila ya kwanza, ni ule uliolalamikia, wanafika kabla yako. Namna ya kupima ni kurudi nyuma. Ukishafika mwisho, soma tena mwanzo na ujiulize kama mwisho huo ulikuwa umejificha humo tangu awali. Hapa saa ilikuwa kwenye jina la mnara tangu sentensi ya kwanza.

Halafu nikaingia kwenye mgeuko mkubwa: "Leo amefika kanisani kabla ya mchungaji. Watu wanasema, mapenzi hayo. Bibi harusi alimwambia harusi ni Ijumaa."

Harusi ilikuwa Jumamosi, kama harusi zetu nyingi. Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo penye dawa ya tatizo lako la pili.

Angalia sentensi ya katikati, "Watu wanasema, mapenzi hayo." Inaonekana kama ya kupitia tu, na ukiitoa maana haiharibiki. Jaribu kuitoa: "Leo amefika kanisani kabla ya mchungaji. Bibi harusi alimwambia harusi ni Ijumaa." Bado inachekesha, lakini kicheko kinapungua karibu nusu. Sababu ni kwamba ukishasema mchelewaji amewahi, kila mtu ukumbini anaanza kutafuta sababu mwenyewe, na kati ya watu 300 wapo watakaoipata kabla hujaisema. Ile sentensi ya mapenzi inawapa sababu ya kuaminika, wanaichukua, wanaacha kutafuta. Akili zao zimekaa kwenye kiti. Hapo ndipo unapokiondoa kiti. Kila mara watu wanapokuwahi, usikimbilie kutafuta mwisho wa ajabu zaidi. Mwisho wako huenda ni mzuri tu, ila hukuwapa jibu la uongo la kuwatuliza.

Neno la mwisho ni Ijumaa, na baada yake hakuna kitu. Niliandika kwanza "harusi ni jana," nikaipenda kwa sababu ni kichaa zaidi. Nilipoijaribu kwa watu wawili, wote walijikwaa kwenye "ni jana," wakafikiri nimekosea kusema. Mtu anayesahihisha lugha yako kichwani hawezi kucheka kwa wakati huohuo. Ijumaa ni neno safi, kila mtu alijua leo ni Jumamosi, na hesabu inachukua nusu sekunde. Nusu sekunde hiyo unaihitaji, kwa kuwa kicheko kikubwa hutoka pale msikilizaji anapomalizia kipande kidogo mwenyewe.

Sasa badili mpangilio uone unavyokufa: "Harusi aliambiwa ni Ijumaa, ndivyo bibi harusi alivyomdanganya ndiyo maana amewahi." Habari zote zipo. Mgeuko umewekwa mwanzoni, na sentensi inaendelea kutembea baada ya kufika. Vivyo hivyo viongezo tunavyopenda: "Ijumaa, jamani," "Ijumaa, mnaona," "Ijumaa, ha ha." Kila silabi baada ya Ijumaa inakanyaga kicheko kinachoanza.

Kuna neno jingine linalowasaliti wengi, nalo ni "kumbe." Katika hadithi ni neno tamu, bibi zetu walilitumia kutuandaa. Katika utani wa kumchana mtu linafanya kazi hiyohiyo ya kuandaa, na hiyo ndiyo shida. "Watu wanasema mapenzi hayo, kumbe bibi harusi alimwambia harusi ni Ijumaa." Ukisema "kumbe," umepiga honi kabla ya kona. Wasikilizaji wanajikaza kupokea mgeuko, na mgeuko uliosubiriwa unatua kwa ulaini. Pitia karatasi yako ufute kila "kumbe," kila "kwa sababu" na kila "lakini" iliyokaa mbele ya mwisho. Sentensi mbili ziwe ubavu kwa ubavu bila daraja, ukumbi utajenga daraja wenyewe.

Naona sasa nikuonyeshe ile zawadi ya lugha niliyoitaja.

Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "a-." Tena wanyama nao tunawaambia "a-" kama watu: mtu anakula, ng'ombe anakula. Lakini vitu vyote vingine vina viambishi vyake, ki-, i-, li-, u-, na viambishi hivyo ni wasaliti. Tuseme unataka watu wafikiri unazungumzia mwanamke wa siri, halafu mwisho iwe ni simu. Ukisema tu "analala nayo," silabi "yo" imemaliza kila kitu, kwa kuwa hakuna mtu anayemwita mwanamke "nayo." Wengi wanaojiuliza kwa nini ukumbi uliwawahi hawajui kwamba kiambishi ndicho kilichowatangulia. Basi ama chagua mwisho ulio kwenye kundi la mtu na mnyama, ama panga sentensi ili kiambishi kisihitajike mpaka umefika.

Huu hapa mfano niliouandikia kijana mmoja wa kutoka Kibosho. Kama nyumba nyingi za mlimani, kwao wanafuga ng'ombe wa maziwa ndani ya banda, na yeye kila mwisho wa wiki anapanda nyumbani kumkatia majani:

"Kabla ya bibi harusi kulikuwa na mwingine, tusifichane. Yuko hukohuko nyumbani, na mama anamfahamu. Akiugua, bwana harusi hapati usingizi. Juzi aliacha hata kikao cha kamati, akapanda mlimani usiku kwenda kumwona. Alikuwa amejifungua." Hapa unanyamaza, unahesabu moja, mbili. "Ndama."

Kila neno hapo ni kweli kwa ng'ombe na ni kweli kwa mtu. Yuko, anamfahamu, akiugua, kumwona: viambishi vyote vinakaa sawa pande zote mbili. Mara ya kwanza niliandika "alimzalia mtoto." Nikalifuta, maana ng'ombe hakumzalia bwana harusi mtoto, na hapo ningekuwa nimedanganya. Kumficha msikilizaji kitu anakusamehe, hata anakupongeza. Ukimdanganya, akifika mwisho anarudi nyuma anakuta neno lisilo kweli na anahisi ameibiwa. "Amejifungua" nalo tunalisema zaidi kwa watu, kwa hiyo lipo mpakani. Nililijaribu pamoja na "amezaa," nikaona "amezaa" linamwonyesha ng'ombe mapema mno kwa watu wa mlimani, wanaolisikia kila siku bandani. Nikabaki na "amejifungua," kwani mtu anayempenda mnyama wake hulitumia hilo pia. Neno "majani" ambalo lilikuwa kwenye habari yenyewe sikuligusa kabisa. Lingemaliza kazi kabla ya wakati.

Utani huu una hatari yake, na usiuchukue bila kuufikiria. Kwa sekunde kama ishirini wakwe wanasikia habari ya mwanamke mwingine. Bibi harusi lazima aambiwe mapema, na lazima awe wa kwanza kuonekana anatabasamu, kwa kuwa meza ya kwao inamtazama yeye. Yule kijana wa Kibosho alifanya hivyo. Kama bibi harusi wako ana aibu, au kama kuna ukweli wowote wa mwanamke mwingine, achana nao kabisa, mnara wa saa unakutosha.

Jambo jingine dogo. Utakutana na watu watakaokushauri uweke ule utani wa Mpare aliyeuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, au ule wa Mchaga ambaye wakitaka kuhakikisha amekufa wanadondosha sarafu. Ufundi wake ni mzuri, na aliyeutunga kwanza alijua kazi. Lakini mwisho wake unajulikana na kila mtoto wa Same na Rombo, na mwisho unaojulikana haugeuki tena. Unaweza kuutumia kama msingi, yaani uwaache watu waamini unakwenda kwenye sarafu halafu ukate kona nyingine. Kuusema kama ulivyo ni kuwakumbusha kicheko cha zamani.

Kwa dakika tano andika maneno yasiyozidi 200. Ukumbi ukicheka vizuri unakula karibu dakika mbili, na vigelegele vya akina mama vinakula nyingine moja. Hiyo ni tabia moja, labda mbili, zilizojengwa kwa ukamilifu. Panga mgeuko mdogo utangulie na mkubwa uje mwisho, kama jogoo alivyomtangulia Ijumaa, na ukiweza rudisha kitu cha mwanzo kwenye utani wa pili. Nikimaliza na tabia nyingine kabisa ya bwana harusi huyo, nikasema ghafla "hapo alikuwa mnara wa saa," ukumbi unacheka bila msingi wowote mpya, kwa sababu msingi niliulipia mapema.

Jaribu kwa sauti, na usijaribu kwa rafiki zako pekee. Msomee mtu mmoja asiyemjua bwana harusi. Akikuuliza "mnara gani?" msingi wako haujasimama. Akitabasamu kabla hujasema Ijumaa, kuna neno mahali limekusaliti, na njia rahisi ya kulipata ni kumuuliza hapohapo, "umejua wakati gani?" Atakuonyesha neno lenyewe. Siku mbili kabla ya harusi msomee bibi harusi yale yanayomgusa, na bwana harusi umwambie mada tu, asijue mwisho, maana uso wake utatazamwa na watu wote.

Ukifika ukumbini nenda kwa dijei kabla ya chakula. Mwombe asiweke muziki wala mlio wowote ukiwa na maiki, hata watu wakicheka. Kumbi zetu nyingi zina mwangwi, kwa hiyo sema polepole kuliko unavyodhani inafaa, na mstari wa mwisho uuseme ukiwa umesimama, hutembei. Watu wakicheka usiongee juu yao. Subiri kicheko kishuke nusu, kisha endelea, kwani ukisubiri kiishe kabisa ukumbi unapoa. Na ukishasema "Ijumaa," funga mdomo, shusha maiki mpaka kifuani, mtazame bibi harusi. Watu wote watageuka kumtazama yeye.